Kutoka Ahadi za Jumla hadi Matokeo Yanayopimika: Uandishi wa Maandiko ya Ruzuku katika Miradi ya Ufundishaji wa Kiswahili nchini Uganda

Ikisiri

Maandiko mengi ya kuomba ruzuku kwa ajili ya miradi ya Kiswahili huahidi athari kubwa zisizoweza kuthibitishwa wala kukanushwa. Makala haya yanaeleza namna ya kuzigeuza ahadi hizo kuwa matokeo yanayopimika ndani ya muda unaotekelezeka. Mfano unaotumika ni andiko la kubuni la mradi wa kuwafunza walimu wa Kiswahili katika shule 24 za sekondari nchini Uganda. Makala yanaonesha kwamba hatua ngumu si kuweka takwimu katika andiko, bali kuhakikisha kwamba takwimu iliyowekwa inalingana na idadi ya shule zilizomo na kalenda ya masomo. Inahitimishwa kwamba mradi wa ukubwa huo hauwezi kuthibitisha ahadi ya kawaida kuhusu umahiri wa wanafunzi, lakini unaweza kuthibitisha mabadiliko ya ufundishaji darasani.

1. Utangulizi

Mazingira ya kisera ya Kiswahili nchini Uganda yamebadilika sana katika miongo miwili iliyopita. Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalikitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili. Mtaala mpya wa sekondari ya chini, ulioanza kutekelezwa mwaka 2020, ulikiweka miongoni mwa masomo ya lazima katika kidato cha kwanza na cha pili. Mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha utekelezaji wa uamuzi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wa kukifanya kuwa lugha rasmi ya Jumuiya. Mabadiliko haya yamezaa haja kubwa ya walimu, na haja hiyo imezaa maandiko mengi ya kuomba fedha za kuwafunza.

Katika maandiko ya aina hii hurudiwa sentensi inayofanana na hii: "Mradi utaboresha kwa kiasi kikubwa umahiri wa Kiswahili miongoni mwa vijana wa Uganda, utaimarisha mtangamano wa Afrika Mashariki na kuathiri sera ya lugha nchini." Sentensi hiyo haina kosa la sarufi, na pengine haina hata neno moja la uongo. Kasoro yake ni kwamba hakuna tukio lolote linaloweza kuonesha kuwa ahadi haikutimia. Mtathmini wa andiko hana cha kupima, na mshauri wa sera atakayesoma ripoti ya mwisho hatajua kama mbinu iliyotumika inafaa kuenezwa nchi nzima.

2. Kuichambua ahadi

Sentensi iliyotajwa hapo juu imebeba mambo ya ngazi tatu ambayo hayana budi kutenganishwa. Ngazi ya kwanza ni mazao ya mradi, yaani vitu ambavyo mradi unavizalisha wenyewe: walimu waliofunzwa, vitabu vilivyogawiwa, ziara zilizofanyika. Ngazi ya pili ni matokeo, yaani mabadiliko katika mwenendo au uwezo wa watu wengine kutokana na mazao hayo. Ngazi ya tatu ni athari, yaani mabadiliko ya jamii ambayo mradi unayachangia pamoja na nguvu nyingine nyingi zilizo nje ya uwezo wake.

Mtangamano wa Afrika Mashariki ni wa ngazi ya tatu. Mkataba wa Jumuiya unakitaja Kiswahili kama lugha ya mawasiliano mapana ya watu wake, kwa hiyo mradi una haki ya kusema unaelekea huko. Hata hivyo, hakuna kipimo cha mtangamano kitakachotikisika kwa sababu walimu 48 wamefunzwa. Lililo sahihi ni kuutaja mtangamano katika sentensi moja ya usuli, kama sababu ya mradi kuwapo, bila kuuwekea kiashiria.

Ahadi ya kuathiri sera nayo hushushwa hadi kwenye kitendo kilicho ndani ya uwezo wa mradi. Sera haibadilishwi na watafiti, bali na vyombo vyenye mamlaka hayo. Mradi unaweza kuahidi kuwasilisha muhtasari wa matokeo kwa Kituo cha Taifa cha Kukuza Mitaala cha Uganda katika mwezi uliotajwa, ukijibu swali moja ambalo Kituo hicho kinalihitaji, kwa mfano kama mafunzo ya likizo yanatosha au hayana budi kufuatiwa na ziara za darasani. Zao hilo linaweza kuhakikiwa kwa tarehe na kwa hati.

Kinachobaki ni umahiri wa vijana, na hapa ndipo penye matokeo halisi. Lakini maneno matatu katika ahadi hiyo bado hayana maana ya kupimika: "vijana wa Uganda", "umahiri" na "kwa kiasi kikubwa". La kwanza hupata mipaka kwa kutaja kundi: wanafunzi wa kidato cha pili katika shule 24 za mradi, mwishoni mwa mwaka wa masomo. La pili linahitaji kitendo kinachoonekana. La tatu linahitaji namba, na namba hiyo ndiyo inayoleta tatizo kubwa kuliko yote.

3. Kuchagua kiashiria na hali ya mwanzo

Kishawishi cha kwanza ni kutumia alama za mitihani ya shule, kwa kuwa zipo tayari na hazina gharama. Alama hizo hazifai. Kila shule hutunga mtihani wake wa ndani, hivyo alama 60 katika shule moja si sawa na alama 60 katika nyingine. Zaidi ya hayo, mtungaji wa mtihani ni mwalimu yuleyule aliyefunzwa na mradi. Akibadilisha namna ya kutahini baada ya mafunzo, alama zinaweza kushuka ilhali wanafunzi wake wanajua zaidi.

Kiashiria kinachofaa zaidi kwa mradi huu ni zoezi moja la ufahamu linalotolewa kwa namna ileile katika shule zote: kifungu cha maneno yapatayo 120 ambacho mwanafunzi hajawahi kukisoma, kikifuatwa na maswali matano. Mwanafunzi anayejibu angalau manne huhesabiwa kuwa amefikia kiwango. Kiashiria basi kinakuwa asilimia ya wanafunzi wa kidato cha pili waliofikia kiwango. Kipimo cha kuzungumza kingefaa vilevile, lakini humhitaji mtahini mmoja kwa kila mwanafunzi, na gharama yake hulazimisha kupunguza idadi ya watakaopimwa.

Hali ya mwanzo nayo ina mtego wake. Wazo la kawaida ni kuwapima wanafunzi mwanzoni mwa kidato cha kwanza na kuwapima tena miaka miwili baadaye. Wengi wao wakati huo huwa hawajafundishwa Kiswahili kabisa, hivyo karibu wote watapata sifuri. Baada ya miaka miwili ya masomo alama zitapanda katika shule yoyote, yenye mradi na isiyo nayo, na andiko litajisifia maendeleo ambayo yangetokea hata bila ruzuku. Ulinganisho wa haki ni baina ya wanafunzi wa kidato cha pili wa kabla ya mradi na wale wa baada yake, na vilevile baina ya shule zilizopata mafunzo na zile ambazo hazijayapata.

Kwa sababu hiyo, shule 24 hugawanywa kwa kura: 12 hupata mafunzo kwanza, na 12 husubiri na kupewa baada ya upimaji wa mwisho. Mpango huo hauzinyimi shule zinazosubiri haki yao, kwa kuwa mradi hauna wakufunzi wa kutosha kuzihudumia zote kwa wakati mmoja. Kura ipigwe baada ya upimaji wa mwanzo, ili matumaini au kinyongo cha shule kisiathiri upimaji huo.

4. Je, shule 24 zinatosha kuthibitisha ahadi?

Tuseme upimaji wa awali katika shule chache umeonesha kwamba wanafunzi wapatao asilimia 30 hufikia kiwango, na waandishi wa andiko wanataka kuahidi asilimia 45. Ongezeko la pointi 15 linaonekana kuwa la kiasi, na mfadhili angeridhika nalo. Swali ambalo maandiko mengi hayajiulizi ni kama ongezeko hilo, hata likitokea kweli, litaweza kutofautishwa na mabadiliko ya kubahatisha.

Kanuni ya kawaida ya kukadiria idadi ya wanafunzi wanaohitajika katika kila kundi, kwa uhakika wa asilimia 95 na uwezo wa kugundua wa asilimia 80, ni hii:

n = 7.84 × [p1(1 − p1) + p2(1 − p2)] ÷ (p2 − p1)²

Hapa p1 ni 0.30 na p2 ni 0.45. Jibu ni takriban wanafunzi 160 kwa kila kundi. Kwa kuwa mradi unapanga kuwapima wanafunzi 20 katika kila shule, shule 12 zitatoa wanafunzi 240. Kwa mtazamo wa haraka idadi hiyo inatosha na kubaki.

Lakini kanuni hiyo huchukulia kwamba kila mwanafunzi amechaguliwa peke yake, bila uhusiano na wenzake. Wanafunzi wa shule moja hawako hivyo. Wana mwalimu mmoja, maktaba moja na ukali au ulegevu mmoja wa uongozi, hivyo hufanana kuliko wanafunzi waliookotwa huku na huko. Mfanano huo hupimwa kwa kigawo kinachoanzia 0, ambapo shule haina athari yoyote, hadi 1, ambapo wanafunzi wa shule moja wote ni sawa. Kwa mfano huu kigawo kimekadiriwa kuwa 0.2, makadirio yasiyo ya kutia chumvi kwa vipimo vya kujifunza. Idadi ya awali huzidishwa kwa 1 + (20 − 1) × 0.2, yaani 4.8. Wanafunzi 160 wanakuwa 768, na kwa wanafunzi 20 kila shule, zinahitajika shule 39 kwa kila kundi. Mradi una shule 12 tu.

Wapo watakaopendekeza kuongeza wanafunzi katika shule zilezile. Hesabu inaonesha kwamba njia hiyo haisaidii sana. Wakipimwa wanafunzi 40 badala ya 20, kizidisho hupanda hadi 8.8, na shule zinazohitajika hupungua kutoka 39 hadi 36 tu. Gharama ya upimaji katika kila shule inakaribia kuongezeka maradufu kwa faida ya shule tatu. Taarifa mpya hutoka kwenye shule mpya, si kwenye dawati la pili la darasa lilelile. Kutumia matokeo ya kila shule ya upimaji wa mwanzo katika uchambuzi hupunguza pengo kwa kiasi fulani, lakini hakulizibi.

Kwa shule 12 kila upande, tofauti ndogo kabisa ambayo mradi una nafasi nzuri ya kuigundua ni takriban pointi 27, yaani kutoka asilimia 30 hadi 57. Hakuna mkufunzi mwenye uzoefu atakayeahidi ongezeko hilo kwa mafunzo ya likizo chache. Mradi ukipata pointi 15 ilizoziahidi, makadirio yake yatakuwa na wigo wa takriban pointi 19 kila upande, kuanzia upungufu wa pointi 4 hadi ongezeko la pointi 34. Mtathmini anayesoma wigo huo atalazimika kuandika kwamba matokeo hayakuthibitika, ingawa huenda mafunzo yalifanya kazi. Kwa hiyo namba iliyowekwa bila hesabu inaweza kuwa na madhara kuliko maneno ya jumla, kwa sababu inauandaa mradi mzuri kuonekana umeshindwa.

5. Kuchagua matokeo yaliyo karibu na kazi ya mradi

Waandishi wa andiko wana njia mbili za kweli. Ya kwanza ni kuomba fedha za shule 78. Ya pili ni kuhamisha ahadi kuu kutoka kwa mwanafunzi hadi kwa mwalimu, ambako mafunzo hugusa moja kwa moja na ambako badiliko kubwa linatarajiwa kwa haki. Njia ya pili ndiyo inayofaa kwa ruzuku ndogo.

Kiashiria cha darasani kinaweza kuwa hiki: katika kipindi cha dakika 40, mtazamaji huandika kila baada ya dakika mbili ni nani anayezungumza na kwa lugha gani. Kila kipindi hutoa nukta 20. Kinachohesabiwa ni nukta ambazo mwanafunzi, si mwalimu, anazungumza Kiswahili. Ikiwa hali ya mwanzo ni nukta 4 kati ya 20, mradi unaweza kuahidi nukta 8 katika shule zilizofunzwa mwishoni mwa mwaka wa pili wa mafunzo, zikilinganishwa na shule zinazosubiri.

Kipimo hiki kina udhaifu ambao andiko halina budi kuutaja. Mwalimu anayejua kwamba atatembelewa huandaa somo la maonesho. Ziara zisizotangaziwa siku yake, zikifanyika mara tatu kwa kila mwalimu, hupunguza tatizo hilo. Dalili kwamba bado lipo ni nukta za ziara ya kwanza kuwa juu sana kuliko za ziara zinazofuata. Vilevile, watazamaji wawili wakae pamoja katika sehemu ya vipindi na kuandika kila mmoja peke yake. Wakitofautiana mara kwa mara, fomu ndiyo yenye kasoro, na irekebishwe kabla ya kazi kuendelea. Mtazamaji pia asiambiwe shule ipi imepata mafunzo na ipi inasubiri.

Zoezi la ufahamu halitupwi. Hubaki kama matokeo ya pili, yanayoripotiwa pamoja na wigo wake wa kutokuwa na hakika na bila lengo la asilimia. Takwimu hiyo ina thamani kwa mradi utakaofuata, kwa sababu itatoa kigawo halisi cha mfanano wa shule za Uganda badala ya makadirio.

6. Muda unaotekelezeka

Andiko la mfano liliomba miezi 24 kuanzia Januari. Muda huo unaonekana wa kutosha mpaka unapolinganishwa na kalenda ya shule, ambayo nchini Uganda huanza takriban Februari, huwa na mihula mitatu, na humalizika mapema Desemba.

Katika mwaka wa kwanza hakuna mafunzo yanayoweza kuanza mara moja. Utafiti unaohusisha wanafunzi unahitaji idhini ya kamati ya maadili na kusajiliwa na Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia la Uganda. Zinahitajika pia ridhaa za wakuu wa shule, maafisa elimu wa wilaya na wazazi. Zoezi la ufahamu na fomu ya darasani havina budi kujaribiwa katika shule mbili zilizo nje ya mradi. Kazi hizo zinajaza miezi ya Januari hadi Agosti. Upimaji wa mwanzo wa kidato cha pili hauna budi kufanyika Oktoba, kwa kuwa mwezi unaofuata shule huwa katika mitihani ya mwisho wa mwaka. Mradi unaochelewa kupata idhini na kuipita Oktoba haupotezi mwezi mmoja, bali mwaka mzima.

Mafunzo ya kwanza hufanyika Januari ya mwaka wa pili, kabla ya muhula kuanza, na hufuatiwa na mikutano mifupi ya likizo za Mei na Agosti. Wanafunzi wanaoingia kidato cha kwanza Februari ya mwaka huo ndio wa kwanza kufundishwa tangu mwanzo na walimu waliofunzwa. Watafika mwisho wa kidato cha pili Oktoba ya mwaka wa tatu, yaani mwezi wa 34 wa mradi. Mradi wa miezi 24 ungefungwa wakati wanafunzi hao wamemaliza kidato cha kwanza tu, na ahadi yake kuhusu kidato cha pili isingeweza kupimwa hata kama kila kazi ingefanyika kwa wakati.

Ratiba ya kweli basi ni miezi 42. Baada ya upimaji wa Oktoba, shule zinazosubiri hupata mafunzo yao Januari ya mwaka wa nne. Uchambuzi hufanyika hadi Machi, na muhtasari hufikishwa kwa Kituo cha Taifa cha Kukuza Mitaala kabla ya mwisho wa Juni. Mfadhili akikataa kuvuka miezi 24, andiko lisibane kazi ileile katika muda mfupi. Liondoe matokeo ya wanafunzi na kuahidi badiliko la ufundishaji lililopimwa katika muhula wa tatu wa mwaka wa pili.

Jambo la mwisho katika ratiba ni uhamisho wa walimu. Katika kipindi cha miaka miwili baadhi ya walimu 48 watahamishwa au kuacha kazi. Andiko liseme mapema kwamba matokeo yatahesabiwa kwa shule zote kama zilivyopangwa na kura, hata pale mwalimu aliyefunzwa alipoondoka, na kwamba idadi ya walioondoka itaripotiwa kwa kila kundi. Kuziondoa shule hizo katika hesabu kungebakiza shule tulivu peke yake, na kumpa mshauri wa sera picha ya nchi isiyokuwapo.

7. Hitimisho

Baada ya marekebisho haya, ahadi ya andiko inasomeka hivi: "Kufikia Oktoba ya mwaka wa tatu, katika shule 12 zilizofunzwa, wastani wa nukta ambazo wanafunzi wa kidato cha kwanza na cha pili wanazungumza Kiswahili katika kipindi cha dakika 40 utafikia 8 kati ya 20, kutoka 4 za mwanzo, ukilinganishwa na shule 12 zinazosubiri. Ufahamu wa kusoma wa kidato cha pili utapimwa mwezi huohuo na kuripotiwa pamoja na wigo wake. Muhtasari wa matokeo utawasilishwa kabla ya mwisho wa Juni ya mwaka wa nne."

Ahadi hii ni ndogo kuliko ile ya kwanza, lakini inaweza kushindwa waziwazi. Nukta zikibaki 4, wafadhili na wizara watajua kwamba mafunzo ya likizo peke yake hayabadilishi darasa, na fedha za awamu inayofuata zitaelekezwa kwenye njia nyingine. Zikifika 8, kutakuwa na sababu ya msingi ya kugharimia shule 78 na kuuliza kwa uzito unaostahili kama wanafunzi nao wamebadilika.